Kutoka mapokezi na malipo hadi mizania: maswali ya waweka hazina wa klabu za wanachama

Ukurasa huu ni wa mweka hazina wa klabu ya starehe, ile ya wanachama kukutana jioni, kucheza bao na dhumna, kutazama mpira na kunywa kahawa. Majibu yote yanafuata klabu moja ya mfano ya mji wa Lamu: wanachama 60, ada Sh 3,000 kwa mwaka, nyumba ya kupanga, mkahawa mdogo wa ndani. Mwaka wa hesabu unaisha 31 Desemba 2024. Tarakimu ni za mfano, lakini nimezipanga zikubaliane tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hivyo shika kalamu ufuate.

Daftari langu linaonyesha kila shilingi iliyoingia na kutoka. Kwa nini wanachama wanataka hesabu nyingine?

Kwa sababu daftari hilo linajibu swali moja tu: pesa zilikuwa ngapi, zimebaki ngapi. Haya ndiyo mapokezi na malipo ya klabu yetu kwa mwaka 2024:

| Mapokezi | Sh | Malipo | Sh |
|---|---|---|---|
| Salio la 1 Januari | 42,000 | Wauzaji wa bidhaa za mkahawa | 191,000 |
| Ada za 2023 | 12,000 | Mshahara wa mhudumu wa mkahawa | 96,000 |
| Ada za 2024 | 156,000 | Kodi ya nyumba | 78,000 |
| Ada za 2025 | 9,000 | Umeme na maji | 31,500 |
| Viingilio vya wanachama wapya | 10,000 | Zawadi na gharama za mashindano | 21,000 |
| Mauzo ya mkahawa | 286,000 | Jokofu jipya | 64,000 |
| Mashindano ya dhumna | 34,000 | Matengenezo ya nyumba | 14,500 |
| Jokofu kuukuu lililouzwa | 8,000 | Salio la 31 Desemba | 61,000 |
| Jumla | 557,000 | Jumla | 557,000 |

Ukisoma haraka utasema klabu imepata Sh 19,000, maana salio limetoka 42,000 likafika 61,000. Sivyo. Ndani ya mapokezi mna ada za miaka mitatu. Ndani ya malipo mna jokofu litakalotumika miaka kadhaa, na kodi ya mwezi ambao haujafika. Na soda ulizokopa Desemba hazimo kabisa, kwa kuwa hujazilipia. Hesabu ya mapato na matumizi huuliza swali tofauti: mwaka 2024 wenyewe umetuingizia nini na umetugharimu nini, iwe pesa zimepita mkononi au hazijapita?

Nianzie wapi?

Anzia 1 Januari, si 31 Desemba. Wengi hukimbilia takwimu za mwisho wa mwaka kisha wakakwama kwenye mizania, kwa sababu hawajui mfuko wa klabu ulikuwa na kiasi gani siku mwaka ulipofunguliwa. Klabu haina hisa wala mtaji wa mwenye mali. Ina mfuko wa wanachama wote pamoja, na mfuko huo hupatikana kwa kuorodhesha mali zote za siku hiyo na kutoa madeni yote.

Mali za 1 Januari 2024 zilikuwa: pesa 42,000, ada za 2023 ambazo wanachama hawajalipa 15,000, bidhaa za mkahawa zilizobaki 18,000, samani, mbao za bao na televisheni 80,000, jokofu kuukuu 12,000. Jumla ni 167,000. Madeni yalikuwa: ada za 2024 zilizolipwa mapema 6,000, wauzaji wanaotudai 24,000, bili ya maji ya Desemba 2,500. Jumla ni 32,500. Toa, upate mfuko wa klabu wa Sh 134,500.

Kama mwaka uliopita palitengenezwa mizania, kazi hii imekwisha fanywa: chukua takwimu zake kama zilivyo. Kama haikutengenezwa, itakubidi uulize. Mwenye duka anayekuuzia sukari huwa na daftari lake la madeni, nalo mara nyingi limetunzwa vizuri kuliko la klabu.

Ada ndizo zinazonichanganya. Nimepokea Sh 177,000. Kwa nini niandike 180,000?

Kwa sababu mapato ya ada hayatokani na sanduku la pesa. Yanatokana na daftari la wanachama. Klabu ina wanachama 60, na kila mmoja kwa kukaa mwaka 2024 amewajibika Sh 3,000. Mara 60 ni 180,000. Hicho ndicho kiasi cha hesabu ya mapato na matumizi, na hakibadiliki hata kama nusu yao wamelipa kwa kuchelewa.

Sasa zitenganishe zile 177,000 kwa mwaka wa ada, si kwa tarehe ya risiti. Sh 12,000 ni za 2023. Hizo zilikwisha hesabiwa kuwa mapato mwaka uliopita, na mwaka huu zimefuta deni tu. Sh 9,000 ni za 2025: wanachama watatu waliokuwa na pesa za kutosha mwishoni mwa mwaka wakaamua kujitua mzigo mapema. Hizo bado si mapato, ni deni la klabu kwao, kwa kuwa tumechukua pesa na bado hatujawapa mwaka wao. Zinazobaki ni 156,000 za mwaka 2024 wenyewe.

Ongeza zile 6,000 ambazo wanachama wawili walizilipa mwaka 2023 kwa ajili ya 2024. Jumla ya ada za 2024 zilizokwisha ingia ni 162,000. Kutoka 180,000 zinapungua 18,000, yaani wanachama sita hawajalipa. Fungua daftari uwahesabu kwa majina. Wakitoka watano au saba, simama hapo hapo. Ama risiti moja imeandikwa mwaka usio wake, ama kuna mwanachama aliyejitoa na jina lake halijafutwa. Ulinganisho huu wa hesabu na majina ndio unaokuonyesha mapema kama ada zimekaa sawa, kabla hujafika kwenye mizania.

Limebaki jambo moja. Mwanzoni mwa mwaka ada za 2023 zilizodaiwa zilikuwa 15,000, na zimelipwa 12,000. Zile 3,000 ni za mwanachama aliyehama mji, na kamati imekubali kwamba hazitalipwa. Usizifiche kwa kupunguza ada za 2024. Ziandike peke yake upande wa matumizi kama ada zisizolipika, ili mkutano uone kwamba uamuzi umefanywa na ni wa kamati, si wako.

Ushauri wangu kwa mwaka ujao: kila risiti ya ada iandikwe mwaka wake, "ada 2025", hata mtu akilipa kwa M-Pesa usiku wa manane. Ujumbe wa simu hutoa tarehe na jina, basi. Miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka zile 3,000 zilikuwa za mwaka gani, na mwanachama atakumbuka ule unaomfaa yeye.

Je, ni halali kuwaonyesha wasiolipa kama mali ya klabu? Wengine hawatalipa kamwe.

Ni halali mradi unaamini watalipa. Nimeona klabu zisizoonyesha malimbikizo hata kidogo: huandika ada zilizopokelewa tu, kwa hoja kwamba hakuna klabu itakayompeleka mwenzao mahakamani kwa Sh 3,000. Hoja hiyo ina uzito, na klabu yenye wadaiwa sugu wengi inafaa ifuate njia hiyo. Ila ikishaichagua, iifuate kila mwaka na iandike hivyo chini ya hesabu. Kubadili njia kila ziada inapopungua ni kuchezea hesabu.

Viingilio vya wanachama wapya ni mapato au vinaingia moja kwa moja kwenye mfuko?

Tazama katiba ya klabu kwanza. Ikinyamaza, amua kwa ukubwa na desturi. Hapa walioingia ni watano, Sh 2,000 kila mmoja, na kila mwaka huingia wachache, kwa hivyo nimeviweka kwenye mapato. Mchango uliotolewa kwa ajili ya jambo maalumu, kama vile kununua kiwanja au kujenga ukumbi, hauingii kwenye mapato ya mwaka. Hukaa kwenye mfuko wake, ukionekana peke yake ndani ya mizania.

Mkahawa wetu unauza vizuri. Niuweke vipi?

Utengenezee hesabu yake ndogo ya biashara, kisha upeleke faida au hasara tu kwenye mapato na matumizi. Sababu ni kwamba ukiacha mauzo ya 286,000 yamechanganyika na ada, wanachama hawatajua kamwe kama kahawa inawalisha au wao ndio wanaoilisha.

Malipo kwa wauzaji yalikuwa 191,000, lakini hayo si manunuzi ya mwaka. Ndani yake mna 24,000 za deni la mwaka jana, na nje yake kuna 31,000 za bidhaa tulizochukua na bado hatujazilipia. Kwa hivyo manunuzi ni 191,000 toa 24,000 ongeza 31,000, sawa na 198,000.

Bidhaa za mwanzo zilikuwa 18,000. Ongeza manunuzi, upate 216,000. Toa zilizobaki 31 Desemba, 22,000, na gharama ya vitu vilivyouzwa ni 194,000. Mauzo ya 286,000 toa 194,000 yanaacha 92,000.

Pazuri hadi hapo. Lakini yuko mhudumu anayechemsha kahawa na kuuza soda na mahamri kila jioni, naye analipwa 8,000 kwa mwezi, 96,000 kwa mwaka. Bila mkahawa asingeajiriwa. Ukiutoa mshahara wake, mkahawa umepata hasara ya Sh 4,000.

Takwimu hii huzua kelele mkutanoni, na si ajabu. Katika daftari la pesa mkahawa ulionekana kuleta tofauti ya 95,000 kati ya mauzo na malipo ya bidhaa. Kama mhudumu pia hufungua nyumba, hufagia na hupanga viti, kamati inaweza kuamua kwamba robo ya mshahara wake, 24,000, ni gharama ya klabu nzima. Hapo mkahawa utaonyesha faida ya 20,000 na matumizi ya klabu yatapanda 24,000. Ziada ya mwisho haibadiliki hata shilingi. Kinachobadilika ni jibu la swali la kama bei ya kikombe ipandishwe, na kwa hilo mimi napenda kuacha mshahara wote kwenye mkahawa: ugawaji wa robo na nusu ni rahisi kupindwa na anayetaka bei ibaki ilivyo.

Kuhusu kuhesabu bidhaa za 31 Desemba, hesabu kwa bei ya kununulia, si ya kuuzia, na uhesabu usiku ule ule baada ya kufunga. Kreti tupu za soda ulizoziwekea amana usizihesabu kama soda.

Jokofu jipya limekula Sh 64,000. Kwa nini halimo kwenye matumizi?

Kwa sababu hatujalitumia likaisha. Ni mali, nayo huingia kwenye mizania. Kinachoingia kwenye matumizi ya mwaka ni uchakavu wake. Kamati imekubali asilimia 12.5 kwa mwaka, ambayo ni 8,000, na jokofu linabaki na thamani ya 56,000. Samani za 80,000 zinachakaa kwa asilimia 10, yaani 8,000, zinabaki 72,000. Uchakavu wote ni 16,000.

Angalia lakini hizo 64,000 zimeundwa na nini. Bei ya dukani ilikuwa 58,500. Zile 5,500 zilizobaki ni mashua ya kulivusha kutoka Mokowe na mapagazi wa kulipitisha vichochoroni hadi klabuni. Gharama ya kukifikisha kitu mahali pake pa kazi ni sehemu ya bei ya kitu chenyewe, na kwa mji wa kisiwani hilo si jambo dogo. Usiitupe kwenye "usafiri". Ila fundi akija baada ya miezi kubadilisha kidhibiti cha baridi, hayo ni matengenezo, ni matumizi ya mwaka.

Jokofu kuukuu lilikuwa na thamani ya 12,000 katika vitabu, likauzwa 8,000. Zile 8,000 si mapato. Hasara ya 4,000 ndiyo inayokwenda kwenye matumizi, na jokofu lenyewe linafutwa kwenye orodha ya mali. Nimewahi kuona orodha ya mali yenye feni zilizokwisha tupwa baharini zamani, kila mwaka zinachakaa asilimia 10 ya kilichobaki, na haziishi.

Kodi, maji na mashindano je?

Haya ni mepesi. Kodi ni 6,000 kwa mwezi, 72,000 kwa mwaka. Tumelipa 78,000 kwa kuwa mwenye nyumba aliomba ya Januari 2025 mapema. Matumizi ni 72,000, na 6,000 ni mali yetu hadi Januari ipite. Umeme ni wa tokeni, kwa hivyo hauachi deni. Maji huja kwa bili: chukua 31,500 zilizolipwa kwa umeme na maji pamoja, toa 2,500 za Desemba iliyopita, ongeza 3,000 za Desemba hii, upate 32,000. Mashindano yaliingiza 34,000 na kutumia 21,000, kwa hivyo onyesha zote mbili na tofauti yake, 13,000.

Hesabu ya mapato na matumizi inaonekanaje ikikamilika?

| Mapato ya mwaka 2024 | Sh |
|---|---|
| Ada za wanachama | 180,000 |
| Viingilio | 10,000 |
| Mashindano (34,000 toa 21,000) | 13,000 |
| Jumla ya mapato | 203,000 |
| Matumizi | |
| Hasara ya mkahawa | 4,000 |
| Kodi ya nyumba | 72,000 |
| Umeme na maji | 32,000 |
| Matengenezo | 14,500 |
| Hasara ya kuuza jokofu | 4,000 |
| Ada zisizolipika | 3,000 |
| Uchakavu | 16,000 |
| Jumla ya matumizi | 145,500 |
| Ziada ya mwaka | 57,500 |

Tunasema ziada, hatusemi faida, kwa kuwa klabu haikuundwa kuwafanyia wanachama biashara. Matumizi yangezidi mapato tungesema nakisi.

Na mizania?

Mali za kudumu ni samani 72,000 na jokofu 56,000, jumla 128,000. Mali za muda ni bidhaa 22,000, ada za 2024 zinazodaiwa 18,000, kodi iliyolipwa mapema 6,000 na pesa 61,000, jumla 107,000. Mali zote ni 235,000.

Madeni ni wauzaji 31,000, bili ya maji 3,000 na ada za 2025 zilizolipwa mapema 9,000, jumla 43,000. Mali zinazobaki baada ya madeni ni 192,000.

Upande wa mfuko: 134,500 za 1 Januari, ongeza ziada 57,500, sawa na 192,000. Zimekutana.

Zile 61,000 zichambue chini ya mizania: benki 44,300, M-Pesa 12,700, taslimu 4,000. Salio la M-Pesa lithibitishwe kwa taarifa ya laini ya klabu. Pesa zikikaa kwenye laini yako binafsi, hata ukiwa mwaminifu namna gani, mkaguzi hana namna ya kuzitenganisha na za nyumbani kwako.

Zangu hazikutani. Nitafute wapi?

Chukua tofauti kabla ya kugusa kitu. Ikigawanyika kwa mbili, tafuta kiasi cha nusu yake kilichokaa upande usio wake. Katika mfano huu, ukiziweka ada za 2025 kwenye mali badala ya madeni, mizania itapishana kwa 18,000, na nusu yake, 9,000, inajitaja yenyewe. Lakini kuwa mwangalifu hapa, kwa sababu 18,000 ni pia kiasi cha ada zinazodaiwa, na ukizisahau kabisa utapata tofauti ile ile. Kagua zote mbili.

Tofauti ikigawanyika kwa tisa bila kubaki, huenda umepindua tarakimu, kama kuandika 14,500 kuwa 15,400. Ikiwa ni sawa kabisa na marekebisho fulani, ujue uliyafanya mara moja tu. Kila rekebisho hugusa sehemu mbili: bili ya maji ya Desemba huongeza matumizi na pia huongeza madeni. Watu wengi hukumbuka ya kwanza.

Usiziandike "tofauti ndogo" kama matumizi mengineyo ili zilingane. Shilingi 500 iliyopotea inaweza kuwa makosa mawili makubwa yanayokaribia kufutana.

Mkutanoni mzee mmoja atauliza: "Mwasema ziada elfu hamsini na saba na nusu, na pesa zimeongezeka kumi na tisa tu. Zilizobaki zi wapi?" Nimjibu nini?

Mjibu kwa karatasi, si kwa maneno, maana swali ni la haki kabisa. Anza na 57,500. Rudisha gharama ambazo hazikutoa pesa: uchakavu 16,000 na hasara ya jokofu 4,000, upate 77,500. Ongeza tulichochelewa kulipa au tulichopokea mapema zaidi ya mwaka jana: wauzaji 7,000, maji 500, ada za mbele 3,000, upate 88,000. Toa pesa zilizonasa kwenye bidhaa zaidi 4,000, ada zinazodaiwa zaidi 3,000 na kodi ya Januari 6,000, zinabaki 75,000. Sasa toa jokofu jipya 64,000 na uongeze 8,000 za lile la zamani. Ni 19,000.

Akiendelea kuuliza, mwonyeshe jokofu: ndimo zilimoingia nyingi.

Ziada hii wanachama wanaweza kugawana?

Kwa kawaida la. Katiba za klabu nyingi huibakiza kwenye mfuko. Na hata ingeruhusiwa, hizo 57,500 hazipo taslimu zote: benki, simu na sanduku vina 61,000, na kati ya hizo 34,000 zinasubiriwa na wauzaji na bili ya maji.

Mkaguzi atataka nini kwangu?

Taarifa ya benki na ya M-Pesa hadi 31 Desemba, kitabu cha risiti chenye nakala na zile zilizoharibika (usizichane, zipige mstari), daftari la wanachama, karatasi ya kuhesabu bidhaa iliyotiwa saini na watu wawili, orodha ya mali, na kumbukumbu za kamati zinazokubali kufuta zile 3,000 na kuuza jokofu kwa 8,000. Mpe na hesabu ya mfuko wa 1 Januari, kwa sababu ndiyo atakayoianzia naye pia.